Kurudisha nyasi kwenye ngitili iliyochoka: mtundulu ukatwe siku ile ile mbegu inapopandwa

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi. Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye ngitili ya ekari chache upande wa Igunga, Nzega au Uyui, ambayo zamani ilikuwa na majani hadi Septemba na sasa ikifika Julai ni udongo mtupu, magugu ya ndulele na kichaka cha miiba kiitwacho mtundulu. Ninaandika kutokana na ngitili yetu ya ukoo, ekari 6, upande wa Igunga. Inaanzia juu kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, inapita kwenye itogolo, udongo mgumu wa katikati ya mteremko, na chini inaishia mbugani kwenye udongo mzito unaotuamisha maji. Kila kipande kilihitaji kazi yake, na pale tulipovichanganya ndipo tulipopoteza mwaka mzima.

Jambo moja lieleweke mapema. Watu wengi hufanya kazi hii kwa mafungu: mwaka huu wanafyeka kichaka, mwakani watafute mbegu, na mwaka wa tatu wafunge eneo. Ikifanyika hivyo haifiki mbali, kwa sababu mtundulu uliofyekwa unachipua kabla nyasi hazijafika, na mbegu iliyopandwa peke yake kwenye udongo mgumu inasombwa na maji au kuliwa na chungu. Matawi ya mtundulu unaoukata ndiyo blanketi ya mbegu yako. Kwa hiyo kukata na kupanda ni kazi ya wiki moja.

Hesabu kilichobaki, mwezi wa tano

Usinunue mbegu kabla ya kujua kama unaihitaji. Pima mwezi wa Mei, nyasi zikiwa bado na vichwa vya mbegu. Ukingoja Septemba, vyote vimeliwa na huwezi tena kutofautisha nyasi moja na nyingine.

Chagua mstari, tembea hatua 100 bila kukwepa mahali pabaya. Kila unapoweka mguu wa kulia na kila unapoweka wa kushoto, angalia mbele ya kidole gumba, umbali usiozidi urefu wa unyayo mmoja. Andika kilichopo: nyasi ya kudumu, nyasi ya msimu, gugu, kichaka, au udongo mtupu. Nyasi ya kudumu utaijua kwa kuivuta: ina shina nene la chini, mabaki ya majani ya mwaka jana, na haing'oki kwa vidole viwili. Nyasi ya msimu inatoka na mizizi yake yote, mara nyingi ikiwa na kidonge kidogo tu cha udongo.

Kwetu luseni ilitoa nyasi za kudumu 31 katika hatua 100. Itogolo ilitoa 6, na hatua 63 zilikuwa udongo mtupu. Mbugani zilikuwa 24, lakini mtundulu ulikuwa umefunika nusu ya kipande. Kipimo changu ni hiki: zikizidi 20, usipande chochote, pumzisha tu, kwa kuwa mashina yaliyopo yatajaza nafasi yenyewe yakiachwa yazae mbegu. Zikiwa chini ya 10, mapumziko peke yake yatakuzalishia magugu, maana hakuna mama wa kuzaa nyasi. Kati ya 10 na 20, panda kwenye vipara tu.

Kwa hiyo katika ekari 6 tulizokuwa tunaziita mbovu, iliyohitaji mbegu ilikuwa itogolo peke yake, ekari 2 na nusu.

Kufunga, na ng'ombe wanakwenda wapi

Kwa desturi ngitili hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, Julai au Agosti. Ngitili yenye afya hiyo desturi inaitosha. Iliyochoka inahitaji zaidi: msimu mzima wa kwanza wa mvua bila kwato hata moja, na kipande kilichopandwa kisiguswe hata kiangazi kinachofuata. Kwa itogolo yetu hiyo ilikuwa miezi 18, kuanzia Desemba hadi Juni ya mwaka wa pili.

Swali la kweli ni ng'ombe wako wapi muda huo. Ukifunga ekari 6 na kuwasukumia ng'ombe wote kwenye malisho ya kijiji, umehamisha ugonjwa tu, na jirani atakulipa kwa kuingiza ng'ombe wake kwako usiku. Sisi tulifanya mambo mawili. Tuliuza madume matatu Novemba, kabla ya njaa kushusha bei, na tukapatana na majirani wawili kwamba kuanzia Juni ng'ombe wetu watakula mabua kwenye mashamba yao yaliyovunwa, nao watapata sehemu ya nyasi za luseni Agosti. Mapatano hayo tuliyasema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu, pamoja na faini. Uzio wa miiba tuliweka upande wa njia ya kwenda lambo tu, kwa sababu huko mifugo hupita yenyewe bila mchungaji kukusudia.

Usipoweza kufunga lote, funga ekari moja na nusu kila mwaka. Ni bora kipande kidogo kilichofungwa kwelikweli kuliko eneo kubwa linaloibiwa kidogo kidogo.

Mbegu

Kwa itogolo isiyotuamisha maji nilichagua senkrasi, ile nyasi ya kudumu yenye kichwa cha manyoya kinachofanana na mkia wa mnyama. Inastahimili ukame na inakubali kukatwa. Haipendi kusimama majini, kwa hiyo usiipeleke mbugani. Mahali penye unyevu zaidi rodesi inafaa, lakini kwenye ukame mrefu wa Januari miche yake hufa haraka kuliko ya senkrasi.

Mbegu za malisho huuzwa na mashamba ya serikali kama Vikuge, Kibaha, na vituo vya utafiti wa mifugo. Sisi tulizikusanya wenyewe. Mei na Juni utaikuta senkrasi kwenye kingo za barabara, makaburini, na ndani ya viwanja vya shule ambako ng'ombe hawaingii. Kichwa kikishakauka, kishike chini na uvute kwenda juu. Kama mbegu inaachia bila nguvu, imekomaa. Zianike kivulini, zihifadhi kwenye gunia la katani au salfeti yenye matundu, mahali pakavu. Usizipande mwezi huo huo. Mbegu mpya ya senkrasi hulala, na inahitaji miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Iliyovunwa Juni inaanza kuamka Desemba, na ya mwaka uliotangulia ni nzuri zaidi.

Pima kabla ya kupanda. Chukua manyoya 100 ya mbegu, yasokote kwenye kitambaa chenye unyevu, kiweke kivulini na ukinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 10. Zikiota 30 au zaidi, kilo 2 kwa ekari zinatosha. Zikiota 15, weka mara mbili. Zikiota 5, tafuta mbegu nyingine, kwa sababu manyoya mengi ni matupu ndani. Zetu ziliota 34.

Udongo: uvunje gamba, usichimbe

Itogolo iliyokanyagwa ina gamba juu, gumu kama sakafu. Mvua ikipiga, maji yanateleza na kwenda zake, na ndiyo maana mahali hapo ni pakavu hata mwaka wa mvua nyingi. Gamba lazima livunjwe. Lakini chini ya udongo mwembamba wa juu kuna tabaka gumu la magadi, na ukilileta juu hakuna kitu kitakachoota. Jembe liingie sentimita 10 hadi 15, basi. Ukiona udongo mweupe au wenye vipande vinavyong'aa, umepitiliza. Rudishia.

Tulichimba makinga maji ya nusu mwezi. Upana wa mdomo ni hatua nne, mdomo unatazama juu ya mteremko maji yanakotoka, udongo unaochimbwa unapangwa upande wa chini kama tuta la kufika kwenye kifundo cha mguu. Safu ya pili inakaa kwenye nafasi za safu ya kwanza, ili maji yanayoponyoka huku yanaswe kule. Kazi hii fanya Oktoba na Novemba mwanzoni. Mbugani usichimbe nusu mwezi kabisa. Maji yatatuama na kuozesha mashina uliyonayo.

Wiki ya Desemba

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu mambo mawili yanakutana.

La kwanza ni mvua. Usipande kwenye vumbi ukingojea mvua ya kwanza. Mvua ya Novemba kwetu hupiga mara moja kisha ikanyamaza wiki mbili. Mbegu zinaota, zinaungua. Ngoja hadi ukichimba kwa mkono udongo uwe umelowa urefu wa kiganja. Kwetu hiyo huwa wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba.

La pili ni mtundulu wenyewe, ambao wengine wanauita mkulagembe. Huu si mti wa kuuawa kwa panga moja. Mizizi yake ya pembeni inatambaa karibu na uso wa ardhi, na kila mahali unapoijeruhi panachipua mti mpya. Aliyeng'oa mtundulu kwa jembe au trekta akaacha mizizi imekatikakatika, mwaka unaofuata ana mitundulu kumi mahali pa mmoja. Kwa hiyo usichimbue. Kata shina karibu kabisa na ardhi, na chagua wakati unaouma zaidi. Mwanzoni mwa mvua mti unatumia akiba iliyo kwenye mizizi kutoa majani mapya. Majani yakishakunjuka yote na kabla hayajarudisha chakula chini, akiba iko chini kabisa. Ukikata hapo, mti unachipua ukiwa na njaa. Ukikata Agosti, umeupogoa tu.

Wakati huo ni Desemba, wiki ile ile ya kupanda. Ndiyo maana kazi hizi ni moja.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Asubuhi vijana wawili wanakata mtundulu, wanaacha migunga na mikwaju mikubwa, kwa kivuli na kwa maganda ambayo ng'ombe huokota Septemba. Mimi na mke wangu tunapanda. Mbegu inachanganywa na mchanga mkavu, debe moja la mchanga kwa kilo moja ya mbegu, kwa sababu manyoya ya senkrasi yanashikana na upepo unayabeba. Tunatawanya ndani ya nusu mwezi, upande wa ndani wa tuta na kwenye vipara vilivyokwaruzwa. Kisha tunakokota tawi la miiba juu yake mara moja, ili mbegu ifunikwe na udongo usiozidi sentimita moja. Ikizama zaidi ya hapo haitoki. Mwisho tunalaza matawi yaliyokatwa asubuhi, tabaka moja, bado unaona udongo katikati yake.

Matawi yanafanya mengi kuliko yanavyoonekana. Yanavunja nguvu ya tone la mvua, yanapunguza jua, yananasa majani makavu na udongo unaosafiri, na mbuzi aliyetoroka hafikishi mdomo kwenye mche. Angalia tu yasiwe na maganda ya mbegu. Desemba mengi huwa yameshadondoka, lakini tawi lenye maganda liweke pembeni likachomwe jikoni.

Kwa kuwa tulipanda kwenye nusu mwezi na vipara peke yake, ekari 2 na nusu zilikula kilo 2 na nusu za mbegu badala ya 5.

Mzee jirani alisimama njiani akatutazama muda mrefu.

"Mwanangu, siku hizi majani yanapandwa?"

"Yanapandwa, mzee wangu. Yaliyojiotea tuliyamaliza."

"Na miiba hiyo mnawafunika kuku?"

Mwaka uliofuata alikuja kuomba mbegu.

Sasa kosa letu, ambalo sitaki ulirudie. Nusu mwezi za upande mmoja tulizitia samadi ya zizi la mbuzi, ndoo moja kila shimo, tukidhani tunaharakisha. Mbuzi walikuwa wamekula maganda ya mtundulu kiangazi chote. Mbegu yake ina gamba gumu, inapita tumboni na kutoka salama. Februari mashimo yale yalikuwa na miche ya mtundulu iliyosongamana kama kitalu, nasi tuliing'oa mmoja mmoja kwa siku tatu. Kama lazima utie samadi, iwe ya zizi la ng'ombe waliofungiwa mbali na kichaka, au iliyooza vizuri kwenye rundo lenye joto.

Januari hadi Aprili: magugu

Wiki tatu baada ya kupanda utaona kijani na kufurahi, na sehemu kubwa ya kijani hicho ni mfagio, mbangimwitu na nyasi za msimu. Usiingie na jembe. Mche wa senkrasi wakati huo ni uzi mwembamba, na jembe litaondoa vyote. Magugu machache ni kivuli cha bure.

Ngoja hadi gugu liipite nyasi kwa urefu na kuanza kutoa maua. Hapo fyeka kwa fyekeo, ukiacha kimo cha shubiri moja kutoka ardhini, ili ukate kichwa cha gugu bila kugusa kitovu cha nyasi. Ukichelewa hadi mbegu zimekomaa, umezipanda. Kwetu ilitosha mara mbili, mwishoni mwa Januari na katikati ya Machi. Ndulele ni tofauti: fyekeo linaichochea. Ing'oe na mzizi udongo ukiwa umelowa, ukivaa glavu au kushika kwa gunia kwa sababu ya miiba, na matunda yake ya njano yakusanye. Yana sumu kwa mifugo.

Raundi ya Machi ndiyo ya kurudi kwenye mtundulu. Machipukizi yakifika magotini, yakate tena. Usipunguze matawi, ondoa chote hadi ardhini. Ukipenda kutumia dawa ya kuua visiki, ipake kwa brashi kwenye jeraha bichi ndani ya dakika chache baada ya kukata, kwa kipimo cha lebo, na usinyunyize juu ya majani, maana dawa nyingine huua na nyasi. Moto usifikirie kabisa miaka miwili ya kwanza. Nyasi ni chache mno kuwaka kwa joto linaloumiza mtundulu, lakini zinatosha kuunguza miche yako.

Mbuzi ni wafyekaji wazuri wa machipukizi, lakini mwaka wa kwanza hawaingii kwenye kipande kilichopandwa. Tuliwaingiza mbugani Julai, ambako hatukupanda, siku chache kila wiki na chini ya mchungaji. Machipukizi yakawa vijiti.

Kujua kama imeshika

Mei rudia hatua 100 kwenye mstari ule ule. Itogolo yetu ilitoka 6 hadi 22. Usikate tamaa ukiona vipara bado vipo. Angalia mahali nyasi zilipo. Zikiwa ndani ya nusu mwezi na chini ya matawi tu, mambo yanakwenda sawa, zitasambaa zikizaa. Kama hata huko hakuna kitu, fukua. Mbegu isiyoota na bado nzima maana yake ilizikwa ndani mno au ilikuwa imelala. Miche iliyoota ikakauka maana yake ulipanda mapema. Mbegu kutoonekana kabisa na vijia vya chungu vikiwa tele, chungu wamevuna kabla yako.

Kabla ya kuingiza ng'ombe, nyasi ziwe zimezaa na kudondosha mbegu angalau mara moja, na zifaulu kuvutwa. Shika fungu la majani kama ulimi wa ng'ombe unavyolishika, vuta kwa nguvu. Jani likikatika, mzizi umeshika. Shina likitoka zima, funga geti. Vuta mashina 20 mahali tofauti. Likitoka hata moja au mawili, ngoja.

Kulisha bila kuanza upya

Juni ya mwaka wa pili hatua 100 zilitoa 41 itogolo, na tukaamua kufungua ngitili yote kiangazi hicho. Kabla ya kufungua tulipima chakula. Kata nyasi zote za mita moja ya mraba kwa kimo cha vidole vitatu, zianike hadi zikakamae, zipime. Fanya hivyo mahali 10, pazuri na pabaya, uchukue wastani. Wetu ulikuwa gramu 120. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000, kwa hiyo ni kilo 480 kwa ekari, na kwa ekari 6 ni kilo 2,880. Nusu ni ya ardhi, haihesabiki. Zinabaki 1,440.

Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Gawanya: 240. Hizo ni siku 240 za ng'ombe mmoja, au siku 40 za ng'ombe 6. Sisi tuna ng'ombe 14 waliobaki, ambao wangemaliza kwa siku 17. Tukaamua ngitili ni ya ndama, majike yenye mimba na maksai wa plau, jumla 6, kuanzia katikati ya Agosti hadi mwishoni mwa Septemba. Waliosalia waliendelea na mabua.

Hesabu hiyo ni mwongozo, jicho ndilo linaloamua siku ya kutoka. Nyasi zilizoliwa zikifika kimo cha ngumi iliyosimamishwa chini, ng'ombe wanatoka hata kama siku zimebaki. Mwaka ule walitoka siku ya 36, kwa sababu pembe ya karibu na lambo ilikuwa imefika kwenye ngumi wakati luseni bado ilikuwa magotini. Sasa tunawalaza upande wa juu na kuwashusha chini siku tatu kwa wiki, nayo pembe hiyo imeanza kufunga.

Mtundulu bado upo. Desemba hii tutakata visiki vilivyobaki mbugani, kama 60 hivi, na matawi yake tayari yana mahali pa kwenda: vipara vinane vya itogolo ambavyo havijashika.